Mwuza Jedwali na Daftari la Wanunuzi

Hadi miaka ya karibuni mwalimu wa taaluma katika shule ya sekondari alifunga muhula akiwa na karatasi ndefu ya mistari, kalamu nyekundu na kikokotoo. Aliandika alama za kila somo, akazigeuza kuwa gredi, akachagua masomo saba aliyofanya vizuri kila mwanafunzi, akajumlisha pointi na kupanga madaraja, aghalabu mpaka usiku wa manane. Leo, katika shule nyingi za mji wa Arusha na za vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, kazi hiyo hufanywa na lahajedwali, yaani jedwali la kompyuta la namna ya Excel ambalo likishapewa alama hujikokotoa lenyewe. Kutokana na hali hiyo imezuka biashara mpya miongoni mwa walimu. Anayejua kulitengeneza jedwali hilo humwuzia kiolezo chake mwenzake asiyejua, na wengine huuza vijitabu vifupi vya kusomea kwenye simu, malipo yakipita kwenye simu hiyo hiyo.

Biashara hiyo ni halali na ina faida kwa pande zote mbili. Walakini inaendeshwa kana kwamba bidhaa hiyo ni gunia la mahindi, ambalo likishapokelewa na fedha kulipwa, mwuzaji na mnunuzi huagana. Kiolezo cha lahajedwali hakiko hivyo. Ndani yake mna kanuni, na kanuni ikiwa na kosa, kosa hilo litafanya kazi katika kila shule iliyokinunua, muhula baada ya muhula, bila ya mtu kuliona. Kwa sababu hiyo swali la bei na swali la namna ya kumfikishia mnunuzi faili yake haliwezi kutengwa na swali la tatu, ambalo wauzaji wengi hawajiulizi: siku kosa litakapogunduliwa, nani ataambiwa?

Ichukuliwe, kwa mfano, kuwa yuko mwalimu wa hisabati katika shule moja ya kata ya Themi. Ametengeneza jedwali la matokeo ya kidato cha nne kwa utaratibu uliorudishwa baada ya nchi kuacha mfumo wa wastani wa pointi, ule uliotumika katika matokeo ya mwaka 2014. Gredi A huanzia alama 75, B 65, C 45, D 30, na chini ya hapo ni F. A ni pointi 1 na F ni pointi 5, na pointi za masomo saba bora zikijumlishwa, 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na zaidi ya hapo ni sifuri. Kanuni aliyoiandika katika kisanduku cha gredi ni hii, ambayo karibu kila mwanzilishi huiandika:

```
=IF(C5>=75,"A",IF(C5>=65,"B",IF(C5>=45,"C",IF(C5>=30,"D","F"))))
```

Ameijaribu kwa alama za darasa lake, nayo imetoa majibu yaliyo sawa na yale ya kikokotoo. Basi ameitangaza katika kundi la WhatsApp la walimu kwa shilingi 3,000, na katika muhula mmoja shule arobaini zimeinunua, za Njiro, za Ngaramtoni, za Usa River na hata za mikoa mingine.

Sasa mwanafunzi mmoja wa shule ya Usa River alikuwa amelazwa siku ya mtihani wa kemia. Mwalimu wa somo, kama ilivyo desturi, hakuacha kisanduku wazi, bali aliandika ABS kuonyesha kuwa hakuwapo. Excel hulinganisha maneno na namba kwa kanuni yake yenyewe, na kwa kanuni hiyo neno lolote ni kubwa kuliko namba yoyote. Kwa hiyo jedwali lilipouliza kama ABS ni kubwa kuliko 75, lilijibu kuwa ndiyo, na mwanafunzi aliyekuwa hospitalini akapata A ya kemia.

Hilo si jambo la kuchekesha kwa mwanafunzi mwenyewe. Tuseme alisajiliwa masomo manane na akafanya saba, akapata C mbili na D tano. Pointi zake ni 6 na 20, jumla 26, naye yumo katika daraja la nne. A ya uongo ikiingia, inaisukuma nje D moja, na jumla inakuwa 1 na 6 na 16, yaani 23. Ripoti itakayokwenda kwa mzazi itasema daraja la tatu. Mzazi ataridhika, mwalimu wa darasa hatamweka kijana huyo katika kundi la kusaidiwa jioni, na ukweli utajulikana baada ya mtihani wa taifa, wakati ambapo ripoti hiyo haina tena kazi.

Kosa la namna hii ni baya kuliko lile linalojitangaza. Mwanafunzi akiwa na masomo sita tu, kanuni inayotafuta saba bora itatoa alama ya `#NUM!` kwenye kisanduku, na kila mtu ataona kuwa kuna kasoro. ABS haipigi kelele. Njia ya kuikamata ni kumwingiza katika jedwali mwanafunzi wa majaribio ambaye majibu yake yanajulikana kabla: mmoja aliyekosa mtihani, mmoja mwenye alama 75 kamili, mmoja mwenye 74, mmoja mwenye sifuri, na mmoja asiye na kitu kabisa. Mwuzaji asiyefanya hivyo amejaribu jedwali lake kwa wanafunzi wasio na matatizo peke yao. Dawa yenyewe ni fupi, nayo ni kuliuliza jedwali kwanza kama lililomo kisandukuni ni namba:

```
=IF(ISNUMBER(C5),IF(C5>=75,"A",IF(C5>=65,"B",IF(C5>=45,"C",IF(C5>=30,"D","F")))),"")
```

Iko kasoro nyingine ya jamii hiyo, nayo huzua ugomvi mkubwa zaidi katika vyumba vya walimu. Mwanafunzi mwenye 44 katika jaribio moja na 45 katika jingine ana wastani wa 44.5. Kisanduku kikiwa kimepangwa kisionyeshe desimali, kitaandika 45, lakini ndani yake bado mna 44.5, na gredi itakuwa D. Mwalimu ataona 45 ikiwa na D mbele yake na kudhani kuwa jedwali limeharibika. Kuongeza kanuni ya `ROUND` ni kazi ya dakika moja. Ila kuamua kama nusu alama inapandishwa au haipandishwi ni uamuzi wa shule, si wa mwuza jedwali, na yampasa mwuzaji aandike waziwazi katika ukurasa wa kwanza jedwali lake linafuata lipi.

Turudi kwa mwalimu wa Themi. Mwezi wa Juni anapokea ujumbe kutoka Usa River: "Mwalimu, shikamoo. Hawa watoto wetu wa ABS mbona wote wana A?" Anafungua kompyuta, anaona kosa, analirekebisha kabla chai haijapoa. Kisha anakumbuka shule arobaini. Alizituma faili hizo moja moja kwa simu, miezi minne iliyopita. Baadhi ya mazungumzo amekwisha kuyafuta ili simu ipate nafasi. Baadhi ya waliolipa walikuwa wanawatumia wengine. Miongoni mwa wanaoitumia leo wamo ambao hawakulipa kitu, waliopewa na rafiki. Anachoweza kufanya ni kuandika tangazo katika kundi lile lile, ambamo litafunikwa na salamu za rambirambi na matangazo ya viwanja kabla ya jua kuchwa.

Hapo ndipo inapoonekana maana halisi ya kumfikishia mnunuzi faili kwa njia ya kujiendesha. Wengi wanaifikiria kama njia ya kumpumzisha mwuzaji asiamshwe usiku. Hiyo ni faida ndogo. Faida kubwa ni kwamba faili haiwezi kutoka bila ya jina kuingia daftarini.

Utaratibu wenyewe, ukifanywa sawasawa, una hatua chache. Mnunuzi anafungua ukurasa wa bidhaa, anaandika jina la shule, namba ya simu na barua pepe. Ombi la malipo linatokea kwenye simu yake, naye anaweka namba ya siri. Kampuni inayokusanya malipo, kwa mfano Selcom ya hapa nchini au Pesapal iliyoanzia Kenya, inapeleka taarifa kwa kompyuta ya duka kuwa malipo namba fulani yamekamilika. Kompyuta hiyo inahakikisha kiasi ni kile kilichotakiwa, inaandika mstari mmoja katika daftari wenye jina, tarehe, namba ya malipo na toleo la jedwali lililouzwa, kisha inampelekea mnunuzi kiungo cha kupakulia ambacho hufa baada ya siku chache. Mwalimu asiyeweza kuandika programu hana haja ya kujenga haya mwenyewe, kwa kuwa yapo maduka ya mtandaoni ambayo huyafanya yote kwa kukata ada. Lakini hata anayetumia duka la wengine anapaswa kujua linafanya nini, maana likikosea atakayepigiwa simu ni yeye.

Makosa ya mahali hapa ni mawili, na kila moja lina dalili yake. La kwanza ni kuiweka faili katika ukurasa wa shukrani unaomtokea mnunuzi baada ya kulipa. Anwani ya ukurasa huo ikishanakiliwa na mtu mmoja, wengine wote huingia bila ya kulipa. Dalili ni kwamba idadi ya waliopakua inaipita idadi ya waliolipa. Faili itoke kwa taarifa ya kampuni ya malipo tu, si kwa sababu mnunuzi amefika kwenye ukurasa fulani. La pili ni taarifa ya malipo kupotea njiani kwa sababu ya mtandao, au kufika mara mbili. Ikipotea, mnunuzi amelipa na hana faili, na kwa haki kabisa atadhani ameibiwa. Ikifika mara mbili, daftari litaonyesha wanunuzi wawili badala ya mmoja. Hivyo duka halina budi kuwa na uwezo wa kuiuliza kampuni hali ya malipo kila yanapochelewa, na kukataa kuandika namba moja ya malipo mara mbili.

Anayepokea fedha kwa namba yake binafsi, kama wafanyavyo wengi tangu huduma ya M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, hana hata kimoja katika hivyo. Analo shauri moja tu la kushika: asitume faili kwa kutazama ujumbe aliooneshwa au aliotumiwa. Nchi nzima inawajua wale wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", na ujumbe wa malipo wa kughushi ni ndugu yake. Hutoka katika namba ya mtu wa kawaida badala ya jina la huduma, na salio halibadiliki. Atazame salio, ndipo atume.

Na bei je? Desturi ya walimu ni kuweka bei ndogo kwa kuoneana haya, na kwa hoja kwamba nakala ya pili haimgharimu mwuzaji chochote. Hoja hiyo ni kweli kwa nakala, si kweli kwa mnunuzi. Kila mnunuzi mpya anakuja na maswali: faili imefunguka lakini haikubali kuandikwa, majina yamezidi mistari, darasa lina somo ambalo jedwali halilijui. Swali la kwanza, kwa mfano, karibu kila mara linatokana na Excel kufungua faili iliyotoka mtandaoni katika hali ya kusoma tu, mpaka mtumiaji abonyeze `Enable Editing`. Kulieleza hilo kwa simu huchukua dakika kumi.

Tuseme mwalimu wetu alitumia saa 40 kulitengeneza jedwali, na anaithamini saa yake kwa shilingi 5,000. Ametumia shilingi 200,000. Tuseme kila mnunuzi anamla nusu saa ya maelezo, yaani shilingi 2,500. Kwa bei ya shilingi 3,000 anabakiwa na shilingi 500 kwa kila mnunuzi, na atahitaji wanunuzi 400 kabla ya kurudisha jasho lake. Kwa bei ya shilingi 10,000 anabakiwa na 7,500, na wanunuzi 27 wanamtosha. Akiuza katika duka la nje linalokata asilimia 10 pamoja na nusu dola kwa kila mauzo, mambo ya bei ndogo yanaharibika kabisa. Nusu dola ni zaidi ya shilingi 1,000, kwa hiyo katika zile 3,000 atabakiwa na chini ya 1,700, na kila mnunuzi atakayemsaidia atakuwa anamtia hasara. Ada isiyobadilika huimeza bei ndogo, na anayetaka kuuza kwa bei ndogo kupitia duka la namna hiyo ni afadhali agawe bure.

Tena wale wanunuzi arobaini wa bei ndogo wamemletea shilingi 120,000 na saa 20 za simu. Anapotakiwa sasa kulisahihisha jedwali na kuwatafuta wote, hana fedha iliyotengwa kwa kazi hiyo, na kibinadamu ataiahirisha. Ndiyo maana bei inayofaa ni ya shule nzima kwa mwaka, ikiwa imetamka wazi kwamba ndani yake mna masahihisho na matoleo mapya mpaka mwisho wa mwaka huo. Shilingi 25,000 za shule yenye walimu ishirini ni shilingi 1,250 kwa mwalimu, na fedha hizo zinaweza kulipwa na ofisi kwa stakabadhi badala ya kutoka mfukoni mwa mwalimu wa taaluma. Bei ya namna hii pia inaondoa ugomvi wa kunakiliana, kwa kuwa walimu wa shule moja wanaruhusiwa kupeana.

Kuhusu shule kwa shule, yapo mambo yasiyozuilika. Nywila ya kufunga kurasa za jedwali huzuia kidole kisifute kanuni kwa bahati mbaya. Haimzuii anayekusudia kuifungua. Macro zinazokagua leseni ni mbaya zaidi, kwa sababu tangu mwaka 2022 Excel huzizuia zile zilizomo katika faili kutoka mtandaoni, na kwa mwalimu anayelifungulia jedwali kwenye simu aghalabu hazifanyi kazi kabisa. Njia inayofaa ni ya kiungwana zaidi: jina la shule iliyolipa liandikwe juu ya kila ripoti inayochapwa. Mkuu wa shule ya Ngaramtoni hatapenda kumpelekea mzazi ripoti yenye jina la shule ya Njiro. Kwa vijitabu vya kielektroniki jina la mnunuzi huandikwa chini ya kila ukurasa kwa nia hiyo hiyo. Vijitabu hivyo havina kanuni za kukosea, lakini vina la kwao: mwalimu auze maelezo aliyoyaandika, asiuze mihtasari ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo inapatikana katika tovuti ya Taasisi yenyewe.

Liko jambo moja ambalo mwuzaji hawezi kulisahihisha kwa toleo jipya. Walimu wengi hutengeneza kiolezo kutokana na jedwali la darasa lao halisi, wakafuta majina katika ukurasa wa kwanza na kusahau ukurasa uliofichwa, wenye majina, alama na namba za simu za wazazi wa mwaka uliopita. Mnunuzi akibonyeza jina la ukurasa kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua `Unhide`, atayaona yote. Hizo ni taarifa binafsi za watoto, na zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kiolezo cha kuuzwa na kianzwe katika faili tupu, majina ya mfano yakiwa ya kubuni.

Kadhalika mwalimu ni mtumishi wa umma. Jedwali alilolitengeneza saa za kazi, kwa kompyuta ya shule, kwa agizo la mkuu wake, lina mwenyewe mwingine anayeweza kulidai, na swali hilo liulizwe kwa mkuu wa shule kabla ya mauzo ya kwanza, si baada ya mauzo ya arobaini. Alilolitengeneza nyumbani kwa kompyuta yake halina shaka hiyo, mradi simu za wanunuzi zisimtoe darasani.

Kwa upande wa anayenunua, kuanzia Januari 2024 mtaala ulioboreshwa umeanza kuingia kwa awamu na unapanda mwaka hadi mwaka. Majedwali yenye orodha ya masomo ya zamani yatahitaji kubadilishwa kidato kwa kidato. Mwalimu wa taaluma atakayekwenda kununua kiolezo mwaka huu na aulize mambo matatu kabla ya kuuliza bei: toleo hili ni la tarehe gani, mwanafunzi wa ABS anapata nini, na jina la shule yangu linaandikwa wapi. Kwa mwalimu wa Themi, kazi iliyobaki mwezi huu ni kupekua taarifa ya miamala ya simu yake ya miezi minne, kupata namba za waliolipa shilingi 3,000, na kuwapigia mmoja mmoja kabla ripoti za Juni hazijachapwa.